Barua kwa baba: nibaki udaktari au nihamie viungo bandia?

Moshi, KCMC

Baba, shikamoo. Poleni na kazi, na mama naye mfikishie shikamoo yangu. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu tunaishia pale pale: wewe unasema "maliza ulichoanza", mimi nanyamaza, salio linaisha. Kwenye karatasi nitakuwekea kozi mbili ubavu kwa ubavu uzipime mwenyewe, kama unavyopima mbao mbili kabla ya kuamua ipi iwe mguu wa meza.

Ninachoomba ni hiki. Nimemaliza mwaka wa kwanza wa udaktari wa binadamu. Nataka kuhamia shahada ya viungo bandia, hapa hapa KCMC. Sijafeli somo na sijafukuzwa. Wala hakuna kijana anayenivuta huko, maana najua mama hilo ndilo la kwanza kulifikiria.

Nianze na kinachokutisha, miaka. Wewe unaona naitupa mitano mikononi. Tuihesabu pamoja. Udaktari ni miaka 5 ya masomo, halafu mwaka 1 wa utarajali hospitalini kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Nimeshasoma mmoja, kwa hiyo imebaki 4 na huo wa utarajali: jumla 5. Viungo bandia ni miaka 4, na nikihama naanza mwaka wa kwanza, maana kazi ya karakana sijaigusa kabisa hata kama anatomia nimeshaisoma. Kwa hiyo ukiniuliza nitamaliza lini, jibu ni kwamba nikihama nitatangulia kwa mwaka mmoja kuliko nikibaki. Ada ya mwaka niliousoma ndiyo inayopotea kweli. Hiyo siifichi, na sijui namna ya kuirudisha zaidi ya kusema kwamba anatomia ya miguu niliyoisoma ndiyo hiyo hiyo nitakayoitumia kila siku.

| | Udaktari | Viungo bandia |
|---|---|---|
| Miaka iliyobaki | 4 ya masomo na 1 ya utarajali | 4, mazoezi ya wagonjwa yamo ndani |
| Unakutana na mgonjwa | Anapoumia au kuugua | Kidonda kikishapona, halafu maisha yake yote |
| Nafasi za kazi | Kila hospitali ya wilaya | Hospitali na vituo vyenye karakana |
| Unachohitaji ili ufanye kazi | Dawa, vipimo, wauguzi | Plasta, oveni, plastiki, mashine ya kusaga |

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana nadhani ugomvi wetu uko hapo. Siku ile uliniambia, "Sikukusomesha Fizikia na Baiolojia ili uje kuwa fundi kama mimi." Niliona umeumia kulitamka hilo, nami nikaumia kulisikia. Lakini baba, wewe mwenyewe ukiona kazi hii utajua ni ufundi wa namna gani.

Mtu akikatwa mguu chini ya goti, daktari wa upasuaji ndiye anayeamua mambo makubwa mwanzoni. Anajitahidi kuacha goti, na chini ya goti anaacha mfupa wa kutosha kubeba uzito na kuongoza mguu bandia. Mfupa mkubwa wa mbele, muundi, anausaga ule ukingo wake usichome ngozi. Mfupa mwembamba wa nje anaukata ufupike kidogo kuliko muundi. Kisha anavuta nyama ya nyuma ya shavu la mguu, anaifunikia ncha. Akifanya hivyo vizuri, mgonjwa atatembea. Akiharakisha, akaacha mfupa mrefu na ngozi iliyobana, hakuna mtu wa karakana atakayemwokoa mgonjwa huyo. Nakiri kabisa kwamba udaktari una neno la kwanza.

Ila neno la kwanza huisha siku nyuzi zinapotolewa. Baada ya wiki kadhaa, kidonda kikifunga na uvimbe ukipungua, mtu anavuka uwanja na kuja upande wa pili. Niliomba ruhusa ya kukaa karakana nikaangalia, na nilichokiona ni hiki.

Mgonjwa alikuwa kijana wa bodaboda kutoka huko tambarare. Mtaalamu alimvalisha soksi nyembamba juu ya kisiki, akachukua penseli ya kopi na kuchora: duara kwenye kichwa cha mfupa wa nje karibu na goti, mstari juu ya ukingo wa muundi, alama kwenye ncha. Hizo ni sehemu zisizotakiwa kubanwa, kwa kuwa mfupa uko jirani na ngozi na katikati hakuna nyama. Kisha akaviringisha bandeji ya plasta iliyoloweshwa, na kabla haijakauka akakandamiza vidole gumba viwili chini ya kilegesambwa, huku na huku ya kano. Hapo ndipo mwili unapokubali kubebeshwa uzito. Plasta ilipokauka aliichomoa kama gamba, na ile penseli ilikuwa imejichapa upande wa ndani.

Gamba lile linajazwa uji wa plasta, bomba la chuma likiwa katikati, na ukilivunja unabaki na kisiki cha plasta kilichofanana na cha mtu. Baba, kuanzia hapo ungejisikia nyumbani. Anachukua tupa na kuanza kukwangua. Mahali panapoweza kubeba uzito anapunguza plasta, ili plastiki ije ikandamize pale. Mahali penye mfupa anaongeza milimita chache za plasta, ili plastiki ije ipaachie. Yaani anatengeneza umbo ambalo silo la mguu hasa, ni umbo ambalo mguu utalivumilia. Milimita mbili zikikosewa, mtu hatembei. Nilimwangalia akikwangua, akipapasa kwa kidole gumba, akikwangua tena, nikakukumbuka unavyopapasa ukingo wa kiti kabla ya kukipiga vanishi.

Baada ya hapo bamba la plastiki ya polipropilini linaingia kwenye oveni mpaka lilegee na kuonekana kama kioo, linavikwa juu ya lile umbo, na pampu inavuta hewa ili lishike kila bonde. Likipoa linakatwa liwe kikombe cha kuingiza kisiki, linaunganishwa na bomba na nyayo ya mpira, na mgonjwa anasimama katikati ya vyuma viwili vya kushikilia. Hapo kazi inageuka kuwa ya macho. Goti likisukumwa kwenda nje kila anapokanyaga, nyayo imewekwa ndani mno. Akiinua bega ili mguu upite, huenda mguu ni mrefu, au hajajifunza kukunja goti, na huwezi kujua ni lipi mpaka upime nyonga zake akiwa amesimama.

Kilichonishika zaidi ni mgonjwa mwingine, aliyerudi na mguu alioutumia kwa miezi michache. Alikuwa na kidonda palepale kwenye kichwa cha mfupa wa nje. Mimi, na elimu yangu ya mwaka wa kwanza, nikaona jibu ni rahisi: pasha plastiki moto pale, isukume kwa nje, mfupa upate nafasi. Mtaalamu hakugusa moto. Alipaka lipustiki kuzunguka kidonda, akamvalisha mguu, akamwambia asimame, kisha akauvua na kutazama ndani. Rangi ilikuwa imejichapa chini ya mahali palipoandaliwa kwa ajili ya mfupa ule. Maana yake mguu wote ulikuwa umezama. Kisiki hupungua sana miezi ya mwanzo, nyama ikikosa kazi na uvimbe ukiisha, kwa hiyo mtu anashuka ndani ya kikombe kama kigingi kwenye tundu pana, na mfupa unakutana na plastiki isipotakiwa. Akamwongezea soksi mbili, akamvalisha tena, rangi ikahamia mahali pake. Angepasha moto kama nilivyotaka mimi, angeharibu kikombe kizima na kidonda kingebaki.

Hebu pima sasa. Daktari angeona kidonda kile kile na angekitibu vizuri, angekisafisha, angempa dawa, angemwambia apumzishe mguu. Kingepona. Kisha mgonjwa angeuvaa tena mguu wake na kidonda kingerudi. Simdharau daktari, baba. Nasema tu kwamba swali la "kwa nini hapa na si pale" ndilo linaloniamsha asubuhi, na kwenye udaktari linapita kwangu mara moja halafu linakwenda kwa mwingine.

Najua utasema: basi maliza udaktari, uwe bingwa wa mifupa, utakuwa umepata vyote. Nimelipima hilo pia. Ubingwa ni miaka mingine mitatu au minne baada ya ile mitano, na katikati kuna kutafuta kazi na mfadhili. Na nikifika huko nitakuwa nakata, nanyoosha na kuunga. Kutengeneza mguu hakumo katika kazi ya bingwa wa mifupa, kama ambavyo kupasua hakumo katika kazi ya karakana. Ukitaka kupasua, hiyo ndiyo njia na ni njia nzuri. Mimi nataka kile kinachofuata.

Kwetu Maji ya Chai jambo hili halihitaji maelezo mengi. Unajua meno yetu, na unajua watoto wa huko juu ambao miguu imepinda kwa sababu ya floridi kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na mito yetu ya chini ya Meru inazidi hapo mara kadhaa. Hapa lazima niwe mkweli hata kama naidhoofisha hoja yangu. Mfupa uliopinda namna ile haunyooshwi na kifaa. Unahitaji daktari aukate na kuupanga upya, na vifaa vya karakana huja baadaye kuushikilia. Kwa watoto wale udaktari una nafasi kubwa kuliko kozi ninayoitaka. Kama moyo wangu ungekuwa kwao peke yao, ningebaki nilipo.

Lakini chukua mtoto anayezaliwa na nyayo zilizopindia ndani. Huyo anafungwa plasta kila wiki, mara nyingi tano au sita, na wengi hukatwa kano ya kisigino kwa tundu dogo tu. Wazazi wakiona nyayo zimenyooka wanashukuru na kuondoka. Kumbe kazi ndiyo inaanza: viatu vilivyounganishwa kwa ubao vinavaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu usiku tu mpaka mtoto afike miaka 4 hivi. Kinachorudisha nyayo kwenye upindaji ni viatu kuwekwa juu ya kabati kwa sababu mtoto analia. Mara nyingi analia kwa sababu kisigino hakijakaa chini kabisa ndani ya kiatu. Mtu anayejua kutazama kisigino hicho, na kukaa na mama yake kwa miaka minne, ni wa upande huu.

Tuje kwenye kazi, maana hapo una haki ya kuuliza kwa sauti kubwa. Udaktari unashinda kwa wingi wa milango. Hospitali ya wilaya yoyote, kituo cha afya chochote kikubwa, zahanati ya mtu binafsi, shirika, nje ya nchi. Hata kama siku hizi madaktari wapya wanasubiri ajira ya serikali, mlango upo, foleni tu ndiyo ndefu. Viungo bandia milango yake inahesabika: hospitali za kanda kama hii ya kwetu na Bugando, taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, CCBRT Dar es Salaam, na vituo vya kanisa na mashirika kama kile cha Usa River ambacho unapita mbele yake ukienda mjini. Nikimaliza nikapangiwa wilaya isiyo na karakana, nitakaa bila kazi. Daktari akipelekwa kijijini na stetoskopu yake anaweza kuanza kesho yake. Mimi bila oveni na plastiki ni kama wewe bila msumeno, na plastiki nyingi inatoka nje ya nchi, ikichelewa bandarini wagonjwa wanasubiri.

Upande wa pili wa mizani ni idadi ya watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 5 katika kila 1,000 wanahitaji kiungo bandia au kifaa cha kushikilia kiungo, na linashauri wataalamu 5 hadi 10 kwa kila watu milioni 1. Sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61 na zaidi. Piga hesabu mwenyewe: wahitaji wanazidi laki tatu, na wataalamu wanaotakiwa, kwa kiwango cha chini kabisa, ni kama 300. Ongeza bodaboda zilivyo na kisukari kinavyokula vidole vya miguu vya wazee, hesabu hiyo haitashuka. Na mguu bandia hauvaliwi mara moja ukaisha: mtu mzima anaubadilisha kila baada ya miaka michache, mtoto anayekua karibu kila mwaka. Mteja wa leo ni mteja wa miaka thelathini. Ubaya wake ni kwamba wengi wao hawana pesa, na hilo litabaki kuwa tatizo la kazi hii kwa muda mrefu. Sitegemei utajiri.

Jambo jingine linalonisaidia ni mahali tulipo. Chuo cha viungo bandia cha hapa, wanachokiita TATCOT, kilianza 1981 kwa msaada wa Wajerumani, na wanafunzi wanakuja kutoka nchi nyingi za Afrika kusoma kitu ambacho kwetu ni nauli ya kosta. Udaktari ningeweza kuusoma Dar, Mwanza, Dodoma au Mbeya. Hii ningehangaika kuipata kwingine.

Utaratibu wenyewe hauna maajabu. Kuhama kozi ndani ya chuo kimoja kuna dirisha lake mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na likifungwa limefungwa. Natakiwa kuandika barua ya maombi, idara ninayokwenda ithibitishe nafasi ipo na sifa zangu za kidato cha sita zinatosha, kisha chuo kipeleke taarifa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kwa upande wa sifa sina wasiwasi, kwa kuwa udaktari ulinidai zaidi. Mkopo ndio wa kuangalia kwa makini. Kabla sijasaini chochote nitapata kwa maandishi, kupitia afisa mikopo wa chuo, kama Bodi itaendelea kunilipia kwenye kozi mpya na kwa miaka mingapi. Jibu likiwa hapana, barua hii haina kazi na nitarudi darasani bila kinyongo, maana sitaki uuze kiwanja. Na mpaka nipate barua ya kukubaliwa, naendelea kuhudhuria vipindi vya udaktari, wasije wakasema nimejiondoa mwenyewe.

Kuhusu watu wa usharika waliokwisha kukuita Baba Daktari, hilo baba siwezi kukusaidia. Michango yao nitaikumbuka, na wakipata shida ya mguu watajua wanifuate wapi. Ila nikibaki udaktari kwa ajili ya jina lile, nitakuwa nakwenda wodini miaka thelathini nikitazama saa.

Kama ungeniuliza mdogo wangu achague ipi, nisingemjibu kama ninavyojijibu. Yeye anapenda kujua ugonjwa ni nini, anapenda majina ya dawa, hana subira ya kukwangua kitu kile kile mara kumi. Na anataka kufanya kazi popote duniani. Huyo aende udaktari, na ada yangu ya mwaka mmoja isimtishe.

Ninachokuomba sasa si ruhusa ya haraka. Njoo Moshi siku ya kazi, si Jumamosi, karakana ikiwa imefungua. Nimeshamwomba mkuu wa karakana na amekubali upite uangalie. Njoo na macho yako ya useremala, umuulize maswali ambayo mimi sijui kuyauliza: wanatumia tupa gani, plastiki inapinda kwa joto gani, nani anawanolea visu. Nikupeleke pia kwa afisa mikopo usikie mwenyewe. Ukitoka hapo na bado unasema hapana, tutakaa na mama tuzungumze kabla dirisha halijafungwa.

Kosta ya saa moja asubuhi inatosha. Ukifika stendi nipigie, nitakuja kukupokea. Mama akiweza kukupa yale maparachichi, hapa yamekuwa ghali.

Binti yako